Shilingi 37 za pango

Mzee alisimama kaunta akiwa ameshika kasha tupu la losartani, dawa yake ya presha, kama afanyavyo kila mwisho wa mwezi. Hana haja ya kutaja jina la dawa. Analiweka kasha juu ya kioo, anatoa noti, anasubiri chenji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nipe ile ile."

Nikamwambia bei imepanda kidogo. Ilikuwa 8,000, sasa ni 8,800. Akauliza kama kiwandani kumetokea nini. Nikamjibu ukweli: kiwandani hakujatokea kitu, ni pango la fremu limepanda, tumelazimika kugusa bei zote.

Akanyamaza kidogo, akahesabu noti zake.

"Sasa mwanangu, hilo pango nalilipa mimi peke yangu?"

Aliuliza bila ukali, akalipa, akaondoka. Lakini swali likabaki nami. Nikawa nalifikiria nikipanga dawa, nikifunga duka, hata nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani. Nililiona la haki, ila jibu lake sikuwa nalo. Nilijua pango limepanda, nikajua nimeongeza asilimia kumi. Katikati ya vitu hivyo viwili hapakuwa na hesabu yoyote.

Na ninavyowafahamu wenzangu wa mitaa hii ya Mbagala, wengi tunapanga bei hivyo hivyo. Mzigo ukifika kutoka Kariakoo tunapiga theluthi juu ya bei ya jumla, tunazungusha, tunabandika. Gharama ikipanda, tunaongeza kwa kila kitu. Duka binafsi halipangiwi bei ya rejareja na mtu, kwa hiyo hakuna anayetuuliza.

Isipokuwa huyo mzee.

## Hesabu ya kwanza

Nilichukua daftari la mwezi mzima nikakaa nalo. Tarakimu nitakazozitaja nimezikata ncha ili zisomeke, lakini uwiano wake ni wa duka langu.

Mauzo ya mwezi ni kama 6,400,000. Dawa hizo zimenigharimu 4,800,000. Kinachobaki, 1,600,000, ndicho kinachoendesha kila kitu: pango, mfamasia msimamizi ambaye sheria inamtaka, mimi ninayesimama kaunta kutwa nzima, umeme wa friji na feni, maji, taka, ulinzi, vibali vya mwaka na makadirio ya TRA. Kabla ya pango kupanda, gharama hizo nazo zilikuwa 1,600,000. Yaani duka lilikuwa linanilipa mshahara wa kawaida na kuishia hapo hapo.

Pango lilikuwa 300,000 kwa mwezi, likawa 400,000. Ila mpangaji wa biashara anajua kuna kodi ya zuio, asilimia kumi ya pango, ambayo mpangaji anatakiwa kuikata kwenye hela ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Kwenye makaratasi ni kodi ya mwenye nyumba. Mtaani, mwenye nyumba anataka hela yake kamili mkononi, na hayo ya TRA "mtajuana wenyewe". Kwa hiyo kwangu pango halisi lilitoka 330,000 likaenda 440,000.

Ongezeko: 110,000.

Nikaligawa hilo kwa mauzo. Ni chini ya asilimia mbili. Nikarudia hesabu maana sikuamini. Pango limepanda kwa theluthi, na neno "theluthi" linatisha, lakini pango lenyewe ni kipande tu cha bei ya dawa. Kulifidia ongezeko lote la pango kulihitaji asilimia mbili hivi, ilhali nilikuwa nimebandika kumi.

Halafu nikaligawa kwa namna nyingine. Kwa mwezi ninahudumia vitu kama 3,000, nikihesabu kila karatasi ya vidonge, kila chupa, kila boksi linalopita kaunta. Laki moja na kumi kwa vitu 3,000 ni shilingi 37 kwa kila kimoja.

Shilingi 37. Hakuna sarafu ya kuilipa. Kwenye droo yangu ndogo kabisa ni ya 50, na hiyo yenyewe ya kutafuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa shida yangu. Hesabu ya pango inasema ongeza 37 kila mahali, lakini bei ya duka la dawa haipandi kwa 37. Inapanda kwa 50, kwa 100, mara nyingi kwa 200 au 500. Kwenye karatasi ya parasetamoli ya 500, kuongeza hata 50 ni asilimia kumi. Kwenye chupa ya insulini ya zaidi ya elfu ishirini, 500 haionekani. Lazima uchague dawa zipi zipande na zipi zikae, na ukishachagua umeshaamua nani analipa pango.

## Kilichouma zaidi hakikuwa bei

Kuna jambo nililigundua nikiwa kwenye daftari hilo hilo, nalo limebadilisha namna ninavyoliona pango lote.

Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Miezi sita kwa 400,000 ni 2,400,000 kwa mkupuo, na hiyo haitoki mfukoni, inatoka kwenye mtaji wa mzigo. Ni nusu ya dawa ninazonunua kwa mwezi mzima. Nikilipa pango Jumatatu, Jumanne naenda Kariakoo na nusu ya orodha.

Wiki zinazofuata rafu zinaonekana zimejaa, kwa sababu zilizobaki ni zile zisizotembea. Zinazotembea zimekatika. Mteja anakuja na cheti chenye dawa tatu, mimi ninayo moja. Hanunui hiyo moja, anaenda kwa jirani anakozipata zote. Mwezi ujao haanzii kwangu.

Nilianza kuandika kila anayeondoka bila kununua: dawa aliyotaka, na sababu, kwa herufi moja tu. B kwa bei, K kwa kukosekana. Nilitarajia ukurasa ujae B, maana wateja wanalalamikia bei kutwa. Ukajaa K. Anayelalamikia bei mara nyingi ananunua huku analalamika. Anayeambiwa "imeisha" anageuka kimya kimya, na wala hukumbuki kwamba alikuja.

Njia ya kuziba pengo hilo ni mali kauli: unachukua mzigo kwa ahadi, unalipa ukiuza. Lakini muuzaji wa jumla akikupa kwa kauli hakupi ile bei ya mwenye hela mkononi. Tofauti anaiweka kwenye boksi, na wewe unaihamishia kwa mteja. Kwa hiyo pango la mkupuo linapandisha bei mara mbili, mara ya kwanza lenyewe, mara ya pili kupitia mzigo wa kauli uliolazimika kuuchukua kwa sababu yake.

Nilikwenda kuzungumza na mama mwenye nyumba. Sikuomba apunguze kiasi, niliomba nilipe miezi mitatu mitatu. Alikataa, kisha akasema nimrudie muhula ukiisha. Nimeshauweka muhula huo kwenye kalenda. Kwangu, laki nne kwa mwezi nikilipa miezi mitatu mitatu ina nafuu kuliko laki tatu na themanini nikilipa miezi sita, na kabla ya daftari hili nisingeliamini hilo.

## Ubaya wa asilimia ile ile kwa wote

Turudi kwa mzee.

Losartani yake naichukua kwa 6,000, vidonge thelathini. Kwa theluthi nauza 8,000, nabaki na 2,000. Krimu ya fangasi naichukua kwa 1,500, nauza 2,000, nabaki na 500. Sasa, kazi yangu kwa mzee ni ipi? Kuchukua kasha rafuni, kuangalia tarehe, kumuuliza kama bado anapima presha, kuandika risiti. Kwa mwenye fangasi kazi ni kubwa zaidi: anataka kuonyesha, anauliza maswali, nampa maelezo ya kupaka na ya muda. Pango la dakika walizosimama mbele yangu ni lile lile. Lakini mzee ananilipa mara nne.

Asilimia haijui kazi. Inajua bei ya kununulia tu. Kadiri ugonjwa ulivyo ghali, ndivyo unavyochangia zaidi umeme wangu. Na dawa za gharama dukani kwangu si za anasa. Ni za presha, sukari, pumu, kifafa. Ni dawa za watu wanaorudi kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yao. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimewatwisha pango wale wasioweza kuacha kununua.

Njia nyingine ipo, na wala si ngeni. Afrika Kusini, kwa kanuni zao za bei, famasi imewekewa kikomo cha ada ya kutoa dawa: kiasi maalumu cha randi pamoja na asilimia, na asilimia hiyo inashuka kadiri dawa inavyokuwa ghali. Wao wanalazimishwa na sheria. Mimi hakuna anayenilazimisha, lakini hakuna anayenikataza pia.

Nikajaribu: asilimia 15 juu ya bei ya kununulia, halafu ada moja kwa kila kitu. Asilimia 15 ni kwa ajili ya yale yanayofuata thamani ya dawa kweli, yaani mtaji uliolala ndani yake, kuvunjika, kuisha muda. Ada ni kwa ajili ya kaunta: pango, mishahara, umeme.

Asilimia 15 ya 4,800,000 ni 720,000. Gharama mpya zote ni 1,710,000. Kinachobaki ni 990,000, na kwa vitu 3,000 ni ada ya 330.

Losartani ya mzee: 6,000, ongeza 900, ongeza 330. Inafika 7,230. Nikaandika 7,200.

Nilikaa nikiitazama hiyo namba. Pango limepanda, na bei ya mzee imeshuka chini ya ile ya kabla ya pango kupanda.

Bila shaka kuna wa kulipa. Ukilinganisha njia mbili hizi, zinakutana kwenye dawa ya kununulia 1,800 hivi. Iliyo juu ya hapo inashuka bei, iliyo chini inapanda. Na chini ya hapo ndipo ilipo nusu ya duka.

## Parasetamoli ikakataa

Karatasi ya parasetamoli naichukua kwa 350. Hesabu yangu mpya inasema niiuze zaidi ya 700. Mtaa mzima inauzwa 500, na hata duka la Mangi lisilo na kibali cha dawa linayo. Nikiuza 700 sitauza, na mbaya zaidi, mteja atajua mimi ni ghali.

Mteja hajui bei za dawa zangu zote. Anajua chache: parasetamoli, amoksilini, dawa mseto ya malaria, chumvichumvi za kuharisha, kondomu, kipimo cha mimba. Anazijua kwa sababu anazinunua mara nyingi na kuna mtu jirani anayeziuza. Kwa hizo anapima duka zima. Ukizipandisha, anaamini na dawa ya kifafa umeipandisha.

Kwa hiyo hizo zinabaki pale mtaa ulipo, hata kama hazilipi ada yake. Kwangu zinaacha shimo la kama 180,000 kwa mwezi.

Shimo hilo nililipeleka kwenye vitamini, dawa za kikohozi za chupa zenye majina makubwa, mafuta ya kuchua, pampasi, dawa za meno za bei, losheni. Vitu ambavyo mtu akiona bei haimpendezi anaweza kuviacha na asiumwe. Hapo kuongeza 300 kwa kitu kimoja si dhambi, ingawa pampasi zilinigomea mapema. Mangi ananunua kwa katoni, simwezi.

Kuna kundi la katikati ambalo bado linanisumbua. Glovu, sindano, pamba, bandeji, zinki ya mtoto anayeharisha. Bei ya kununulia ni ndogo, hesabu inataka nizipandishe sana, na jirani hana habari nazo kwa hiyo ningeweza. Zinki nimeiacha chini. Mama anayekuja na mtoto ameharisha usiku kucha akikuta zinki imepanda, atachukua chumvichumvi peke yake na zinki ataiacha, kwa sababu kuharisha kukipungua haoni kazi yake. Zinki inatakiwa siku 10 hadi 14, na bei ni kisingizio rahisi cha kuiruka. Hiyo si hesabu ya biashara, najua.

## "Punguza basi"

Hakuna siku inapita bila neno hili.

Nitatumia ile bei ya zamani ya 8,000 kwa sababu inaonyesha vizuri. Nimenunua 6,000, nauza 8,000. Wenye maduka wengi husema "nina thelathini na tatu, nikitoa kumi nabaki na ishirini na tatu". Hapana. Theluthi ile ilihesabiwa juu ya 6,000, punguzo linahesabiwa juu ya 8,000. Asilimia kumi ya 8,000 ni 800. Faida yako ilikuwa 2,000, imebaki 1,200. Umetoa asilimia kumi ya bei, ila ni asilimia arobaini ya riziki yako. Ukitoa ishirini unabaki na 400, na hapo hujalipa hata mfuko.

Kwa punguzo la 800, ili urudi pale ulipokuwa kwa kuuza maboksi matatu, lazima uuze matano. Katika nguo inawezekana, mtu akiona nafuu anaongeza shati. Kwenye dawa ya presha hakuna anayenywa mara mbili kwa sababu imeshuka bei. Wateja wapya wangelazimika kutoka kwa jirani, na jirani naye anajua kupunguza.

Suluhisho la mtaani ni kupandisha kwanza ili upate pa kushukia. Unaandika 9,000 moyoni, unauza 8,000 kwa anayebishana. Nimeufuatilia mchezo huu kwa macho ya kaunta na sasa siupendi. Anayebishana vizuri ni yule mwenye gari aliyesimama nje na injini inanguruma. Asiyebishana ni binti anayenunua dawa ya fangasi za sehemu za siri na anataka kuondoka upesi, ni mtoto aliyetumwa na noti iliyokunjwa kiganjani, ni mgonjwa wa TB anayekohoa akiwa amegeuka pembeni. Bei yenye nafasi ya kushuka inalipwa kamili na walio na aibu.

Sasa bei zimeandikwa kwenye ukingo wa rafu, kwa kalamu nene. Aliyetumwa na aliyejituma wanalipa sawa. Punguzo limebaki moja tu: ukichukua dawa zako za mwezi mzima kwa pamoja, ada ya 330 naitoza mara moja badala ya kila dawa. Mwenye dawa tatu za presha na sukari anaokoa 660. Hiyo ninaweza kuitetea, kwa sababu kweli amesimama kaunta mara moja.

Kuna mteja wa siku nyingi alinuna. "Siku hizi umekuwa supamaketi." Alikuwa amezoea kushusha mia tano kila akija, na bei mpya ilikuwa chini ya ile aliyokuwa akishushia. Bado alinuna.

## Vidonge kumi kumi

Wapo wasioweza kununua mwezi mzima. Wanaouza maji barabarani, mafundi, mama lishe. Hela yao ni ya siku. Anataka karatasi moja ya vidonge kumi, arudi baada ya siku kumi.

Kwa desturi ya maduka yetu, boksi la karatasi tatu likiwa 7,200, karatasi moja haiuzwi 2,400. Inauzwa 3,000, maana mtu akinunua kidogo anatozwa zaidi. Ukijumlisha, asiye na hela analipa 9,000 kwa kile ambacho mwenye hela kakipata kwa 7,200.

Kusema kweli, kwa hesabu yangu mpya kumtoza zaidi hakuna makosa. Anakuja kaunta mara tatu, ada mara tatu. Nilizunguka hapa kwa siku nyingi. Hesabu niliyoitunga ili mzee atendewe haki ilikuwa inamwonea fundi.

Nikaishia 2,500 kwa karatasi. Hailipi ada yote. Lakini mtu wa presha akikosa 3,000 haahirishi ununuzi tu, anaruka siku, na anayeruka siku mwisho wake anaacha. Mteja aliyeacha dawa analipa ada sifuri.

Antibayotiki ni habari nyingine. Hapo sitaki kabisa mtu anunue kidogo. Mwenye cheti cha amoksilini, kapsuli 15 za siku tano, akiwa na hela ya karatasi moja ya kumi, ataondoka na kumi, atapata nafuu siku ya tatu, basi. Karatasi ilikuwa 1,500, kwa hiyo dozi nzima ilikuwa 2,250, na ile 750 ya mwisho ndiyo iliyokuwa inawashinda. Nikaacha kutaja bei ya karatasi. Naifunga dozi kwenye bahasha moja, naandika 2,000. Mimi nimenunua 1,500, nabaki na 500. Anayeuliza bei ya karatasi namjibu sina bei ya karatasi. Wengine wanaenda kwa jirani na wanaipata, siwezi kuwazuia. Lakini wengi wanaongeza ile mia tano, kwa sababu sasa wanaona ni kitu kimoja.

## Bonasi ya kumi na moja

Hapo juu nimewasema wateja na mapunguzo yao, na sisi wenyewe tunashikwa na ugonjwa huo huo Kariakoo.

"Chukua kumi nakupa moja ya bure." Dawa ya kikohozi ya 3,000, unalipa 30,000, unapewa chupa 11. Kichwani inakuwa 2,727 kwa chupa, na unaona umeshinda. Ni kweli, kama utauza zote 11. Bonasi mara nyingi inatolewa kwa mzigo ambao tarehe yake imekaribia, au ambao hautembei. Mimi wa mtaani, msimu wa baridi ukipita, nauza chupa nane. Tatu zinaisha muda.

Sasa 30,000 imegawanywa kwa nane: 3,750 kila chupa. Nilikuwa nauza 4,000.

Na zile tatu hazitupwi jalalani. Zinatengwa, zinaandikwa, zinasubiri utaratibu wa uharibifu chini ya mamlaka ya dawa, TMDA, zikikaa kwenye kona ya fremu ambayo nayo naikodi. Ninachofanya sasa, kabla ya kuuliza bonasi, nauliza tarehe ya mwisho, na nafungua daftari kuona nimeuza chupa ngapi kwa miezi mitatu. Jibu likiwa chini ya kumi, nachukua tano bila bonasi. Muuzaji huniona mshamba.

## Boksi la bei ya zamani

Hivi majuzi losartani imepanda Kariakoo, kutoka 6,000 hadi 6,600. Rafuni nina maboksi niliyonunua kwa 6,000.

Mfanyabiashara yeyote atakwambia uza yote kwa bei mpya leo, kwa sababu hela utakayoipata ndiyo itakayokwenda kununua boksi jingine, na boksi jingine ni 6,600. Ni kweli kabisa. Ukiuza la zamani kwa 7,200, ukitoa 6,600 ya kununulia jipya, umebaki na 600 na faida yako imekatwa nusu. Ukifanya hivyo kwa dawa nyingi kwa mwezi, mtaji unapungua bila mtu yeyote kukuibia.

Lakini nimeshaandika bei ukingoni, na sababu niliyomwambia mzee safari ile ni pango. Safari hii sababu ni ya kweli ya kiwandani au ya dola, na itamfikia tu. Hesabu inatoa 6,600, na 990, na 330, ambayo ni 7,920. Nitaandika 7,900.

Yaliyobaki ya zamani nimeyatenga kwa wanaokuja kila mwezi, boksi moja kwa kila mmoja kwa 7,200, nikimwambia kila mtu kwamba mwezi ujao ni 7,900. Mgeni ananunua kwa bei mpya kuanzia leo. Mfamasia msimamizi hakuafiki. Anasema bei mbili za dawa moja kwenye rafu moja ni ugomvi unaosubiri siku. Nimemwambia maboksi yakiisha tutaona kama ugomvi ulitokea, na kwenye daftari nimeongeza herufi ya tatu.